UZI: Utafiti wetu haukuonyesha tofauti na majarida mawili yameukataa. Tuuandikeje?

Neema_T (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam. Naomba msaada wa mawazo kutoka kwa wale wanaofanya utafiti, wanaoufundisha, au waliowahi kukaa upande wa wahariri.

Timu yetu ilichunguza kama ujumbe mfupi wa simu, unaotumwa siku moja kabla ya miadi, unawafanya wagonjwa wengi zaidi warudi kliniki kwa wakati. Tulikuwa na watu 240, tukawagawa kwa bahati nasibu: 120 walitumiwa ujumbe, na 120 waliendelea na utaratibu wa kawaida. Kabla ya kuanza tulisajili mpango wetu, na kipimo kikuu tulichokiandika humo ni mgonjwa kurudi siku ya miadi au ndani ya siku 7 zinazofuata. Mwishoni, kundi la ujumbe walirudi 78, yaani asilimia 65, na kundi la kawaida walirudi 72, yaani asilimia 60. Thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kama hii au kubwa zaidi kama ujumbe haufanyi kitu, ni 0.42.

Jarida la kwanza lilitujibu baada ya siku nne, bila kupeleka andiko kwa wahakiki, kwamba matokeo hayaongezi jambo jipya la kutosha. La pili lilipeleka kwa wahakiki wawili. Mmoja akasema sampuli ni ndogo, na mwingine akauliza kwa nini msomaji apoteze muda kusoma kuhusu kitu ambacho hakikufanya kazi.

Sasa ndani ya timu tumegawanyika. Mimi niliandika katika hitimisho kwamba ujumbe wa simu hauongezi mahudhurio. Mwenzangu mmoja anataka tuandike kwamba ujumbe ulielekea kuongeza mahudhurio. Wa tatu anasema tuliweke andiko kabatini tuendelee na mengine. Nani yuko sahihi?

Jabali

Dada Neema, uko sahihi wewe. Thamani ya p ikizidi 0.05 maana yake ni kwamba kitu hakifanyi kazi, na huo ndio ukweli hata kama hauwafurahishi wahariri. Tatizo lote liko kwa majarida, ambayo yanapenda habari za kusisimua kwa sababu makala za namna hiyo ndizo zinazonukuliwa. Na kama mhakiki analalamikia sampuli, ongezeni watu 100, mpime tena, na ikibidi mwongeze wengine 100 mpaka jibu litulie.

Mgeni_Mtulivu

Samahani, huenda sijaelewa vizuri. Mimi nilipimwa mwaka jana, majibu yakatoka hasi, na daktari akanipongeza. Sasa kama matokeo ni hasi si jambo jema? Au mnasema kwamba ujumbe uliwadhuru wagonjwa?

Mwalimu_Takwimu

Nianze na Mgeni, kwa sababu swali lake lina faida hata kwa wengine. Neno "hasi" hapa linabeba mambo matatu yasiyofanana. Kipimo chako cha hospitali kilisema kitu fulani hakikuonekana mwilini. Utafiti unaoonyesha madhara, kwa mfano watu wengi zaidi kushindwa kurudi kwa sababu ya ujumbe, nao huitwa hasi. Na utafiti wa Neema haujaonyesha lolote kati ya hayo. Umeshindwa kutenganisha makundi mawili kwa uhakika. Kwa hiyo mimi ningependa tuuite utafiti usioonyesha tofauti, kwa sababu jina hilo halidai zaidi ya kilichotokea.

Sasa nije kwa Neema. Kwa heshima zote, wewe na mwenzako wote wawili mmekosea, ila mmekosea kwa kuelekea pande tofauti. Acheni thamani ya p kwa muda na mtazame makadirio yenyewe pamoja na masafa yake. Ukitumia programu ya takwimu iitwayo R, amri ni hii:

```
prop.test(c(78, 72), c(120, 120), correct = FALSE)
```

Utapata kwamba tofauti ni pointi 5 za asilimia, na masafa ya asilimia 95 yanaanzia karibu pointi 7 chini ya sufuri hadi karibu pointi 17 juu yake. Isome namba hiyo polepole. Data yenu inapatana na ujumbe unaopunguza mahudhurio kwa pointi 7, inapatana na ujumbe usiofanya chochote, na inapatana vilevile na ujumbe unaoongeza mahudhurio kwa pointi 17. Kliniki yoyote ingefurahia nyongeza ya pointi 17. Utawezaje basi kuandika kwamba ujumbe hauongezi mahudhurio, ilhali data yako haijaiondoa hata nyongeza kubwa kama hiyo?

Na mwenzako anayetaka "ulielekea kuongeza" anafanya kosa lilelile kwa upande wa pili, kwa maana anachagua nusu ya masafa inayompendeza na kunyamazia nusu nyingine.

Mwaka 1995 Altman na Bland waliandika katika jarida la kitabibu la BMJ maelezo mafupi yenye hoja moja tu: kukosa ushahidi wa jambo si ushahidi kwamba jambo halipo. Jabali, sentensi yako ya kwanza ndiyo hasa waliyokuwa wanaikataa. Kuhusu kuongeza watu 100 mara kwa mara mpaka jibu litulie, nakuomba usimshauri mtu hivyo. Ukipima kila unapoongeza watu na kusimama pale unapopata p ndogo, utaipata siku moja hata kama ujumbe haufanyi kitu kabisa. Kuongeza watu kunaruhusiwa pale tu hatua za kusimama na kupima zimepangwa tangu mwanzo na hesabu imerekebishwa kwa ajili yake.

Jabali

Nakubali kuhusu kuongeza watu, sikuwa nimelifikiria hivyo. Lakini bado sielewi: kama kila utafiti usioonyesha tofauti unaweza kumaanisha lolote, basi hakuna siku tutakayosema kitu hakifanyi kazi?

Mwalimu_Takwimu

Tutasema, ila kwa sharti. Kwanza mtafiti aamue, kabla ya kuona data, ni tofauti ndogo kiasi gani ambayo bado ingemshughulisha mtu anayefanya uamuzi. Tuseme wenye kliniki wanaona kwamba nyongeza isiyofika pointi 5 haistahili gharama na kazi ya kutuma ujumbe. Halafu chukua utafiti wa kufikirika wenye watu 1,500 kila kundi, ambapo asilimia 61 walirudi upande mmoja na asilimia 60 upande wa pili. Tofauti ni pointi 1, na masafa yake yanaanzia pointi 2.5 chini ya sufuri hadi pointi 4.5 juu yake. Masafa yote yako ndani ya mpaka uliowekwa. Hapo unaweza kuandika kwa dhamiri safi kwamba ujumbe hauongezi mahudhurio kwa kiasi chenye maana, na hayo ni maarifa kamili sawa na yale ya dawa iliyofanya kazi.

Tafiti hizi mbili zote zina p kubwa kuliko 0.05. Ukizisoma kwa p peke yake zinafanana, lakini ukizisoma kwa masafa, moja imejibu swali na nyingine haijalijibu.

Neema, naomba kukuuliza: mlifikaje kwenye 120?

Neema_T

Mwalimu, asante, ingawa imeniuma kidogo. Tulisoma andiko moja lililochapishwa, la utafiti mdogo, ambapo mahudhurio yalipanda kutoka asilimia 60 hadi 78. Tukafanya hesabu ya kuona tofauti ya pointi 18 kwa nguvu ya asilimia 80, yaani nafasi ya asilimia 80 ya kuigundua kama ipo kweli, tukapata takribani watu 100 kila kundi, kisha tukaongeza 20 kwa ajili ya watakaopotea.

Mwalimu_Takwimu

Nilihofia hivyo, na hapa ndipo naomba wote mkae nami kidogo, maana ndipo tatizo la kutochapisha linapomrudia mtafiti mwenyewe.

Chukulia kwamba ukweli, ambao hakuna anayeujua, ni kwamba ujumbe huongeza mahudhurio kwa pointi 6. Chukulia pia kwamba timu 20 zimefanya utafiti kama wenu, kila moja na watu 120 kwa kila kundi. Kwa ukubwa huo, tofauti haivuki mstari wa 0.05 mpaka ifike takribani pointi 12. Kwa hiyo timu ambayo imepata ukweli wenyewe, yaani pointi 6, itaambiwa haikupata kitu. Watakaovuka ni wale tu ambao bahati iliwasukuma juu, na kwa hesabu watakuwa kama timu 3 kati ya 20. Wastani wa tofauti walizopata hao watatu utakuwa karibu pointi 15. Majarida yakichapisha hao watatu, na wale 17 wakaweka kazi zao kabatini, msomaji ataona maandiko matatu yanayokubaliana kwamba ujumbe huongeza pointi 15. Hakuna aliyedanganya, na hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyekosea hesabu.

Kisha inakuja timu ya ishirini na moja, inasoma maandiko hayo, inapanga sampuli yake kwa kutarajia tofauti kubwa, na inaishia kuwa ndogo mno kuona tofauti halisi. Neema, naona mpo hapo. Kama mngepanga kuona nyongeza ya pointi 10, mngehitaji watu wapatao 355 kila kundi. Mkiwa na 120, nafasi yenu ya kuiona ilikuwa chini ya asilimia 40.

Salma_R

Naomba niseme yangu, maana nimesoma uzi huu kwa mikono inayotetemeka. Nilipomaliza kazi ya shahada ya uzamili, kipimo changu kikuu hakikuonyesha tofauti. Msimamizi wangu aliniambia niendelee kutafuta, kwa sababu "lazima kuna kitu humo ndani." Niligawanya watu kwa jinsia, kwa umri, kwa kiwango cha elimu na kwa umbali wanakoishi, na mwishowe nikapata tofauti kwa wanawake walio chini ya miaka 30. Andiko letu lilichapishwa likiwa na hao wanawake kwenye kichwa cha habari, na kipimo kikuu kikatajwa kwa sentensi moja katikati. Sikujua kwamba ni kosa. Nilidhani ndiyo kazi ya uchambuzi.

Kalamu_Nyekundu

Salma, nilikuwa mhariri msaidizi wa jarida kwa miaka kadhaa, na nakuhakikishia kwamba hauko peke yako. Wanaosoma maandiko kwa kazi huliona jambo hili kila wiki. Alama yake ni kwamba kichwa cha habari kinazungumzia kundi dogo au kipimo cha pembeni, na ukienda kwenye usajili wa utafiti unakuta kipimo kikuu kilikuwa kingine.

Mfano uliochunguzwa kwa undani ni ule wa dawa za sonona. Mwaka 2008 Turner na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine ulinganisho wa tafiti 74 zilizosajiliwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, dhidi ya kile kilichotokea kwenye majarida. Mamlaka iliona tafiti 38 kuwa na matokeo mazuri, na 37 kati ya hizo zilichapishwa. Zilizobaki 36 zilikuwa na matokeo mabaya au ya mashaka. Kati ya hizo, 22 hazikuchapishwa kabisa, 11 zilichapishwa kwa namna iliyozifanya zionekane zimefaulu, na 3 tu zilichapishwa zikisema ukweli wake. Daktari aliyesoma majarida peke yake aliona asilimia 94 ya tafiti zimefaulu, ilhali kwenye mafaili ya mamlaka zilikuwa asilimia 51.

Zile 11 ndizo zinazonisumbua kuliko zile 22. Iliyofichwa unaweza kuitafuta kwenye usajili na kuona haipo, lakini iliyogeuzwa sura ipo mbele yako na inaingia kwenye hesabu za watu wengine ikiwa imevaa vazi lisilo lake.

Hata hivyo sitakubaliana na Jabali kwamba lawama yote ni ya majarida. Mwaka 2014 Franco, Malhotra na Simonovits walichapisha katika Science ufuatiliaji wa tafiti za sayansi ya jamii zilizopitia mpango mmoja wa ufadhili, ambapo ilijulikana ni tafiti zipi zilifanyika. Katika zile ambazo hazikuonyesha tofauti, karibu theluthi mbili hazikuwahi hata kuandikwa. Hakuna mhariri aliyezikataa, kwa sababu hakuna aliyeletewa. Watafiti walijikatalia wenyewe kwa kukisia jibu, wengine kwa kuamini kwamba kazi yao haina thamani. Yule mwenzake Neema anayetaka kabati, ndiye tatizo kubwa kuliko barua ya jarida.

Jabali

Lakini wanakisia kwa haki, Mhariri. Kama mtu amekataliwa mara tatu, wa nne hatajaribu. Chanzo bado ni jarida.

Kalamu_Nyekundu

Sikatai kwamba vinafungamana. Nilichokiona mezani ni kwamba andiko lisiloonyesha tofauti linadaiwa uthibitisho zaidi kuliko lingine. Andiko lililoonyesha tofauti kwa watu 60 halikuulizwa kuhusu sampuli. Lile lisiloonyesha tofauti kwa watu 240 liliulizwa, na swali lenyewe lilikuwa halali. Kosa ni kuuliza upande mmoja tu. Ndiyo maana tangu 2013, kuanzia na jarida la Cortex, kumekuwa na utaratibu wa kuhakiki mpango wa utafiti kabla ya data kukusanywa, na jarida likiukubali linajifunga kuchapisha matokeo yoyote yatakayopatikana. Scheel na wenzake walilinganisha maandiko ya saikolojia mwaka 2021: katika uchapishaji wa kawaida asilimia 96 yaliunga mkono dhana ya kwanza ya mtafiti, na katika utaratibu huu ni asilimia 44. Neema amechelewa kwa njia hiyo, lakini Salma bado ana tafiti mbele yake.

Daktari_Mstaafu

Wanangu, nimewasoma. Naomba nirudi kwa Mgeni aliyeuliza kuhusu madhara, kwa sababu mnazungumza kana kwamba hasara ya kutochapisha ni ya watafiti pekee.

Mwaka 1980 kulifanyika utafiti mdogo wa dawa iitwayo lokainidi, ya kutuliza mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio kwa watu waliopata shambulio la moyo. Walishiriki wagonjwa wasiofika 100. Mapigo yalitulia kama ilivyotarajiwa, lakini katika kundi la dawa walikufa watu 9, na katika kundi la dawa bandia alikufa 1. Watafiti waliona vifo hivyo kuwa vya bahati mbaya, dawa ikaachwa kwa sababu za kibiashara, na andiko halikutoka hadi 1993. Wakati huo dawa nyingine za jamii hiyohiyo zilikuwa zikitumika kwa wagonjwa, na utafiti mkubwa uliojulikana kama CAST ulikuwa umekwisha kuonyesha mwaka 1989 kwamba mbili kati yake ziliongeza vifo. Waandishi wenyewe walikiri kwamba kama wangechapisha mapema, lingekuwa onyo.

Siwahukumu. Watu 9 dhidi ya 1 katika kundi dogo ni namba ambayo mtu anaweza kujieleza mpaka ikapotea, na mimi mwenyewe huenda ningejieleza hivyo. Kwa hiyo Neema, mwambie mwenzako wa kabati kwamba hata utafiti mdogo usiojibu swali unaweza kuungana na mingine midogo katika uchambuzi wa pamoja na jibu likapatikana. Ukiwa kabatini hauungani na kitu. Tena Azimio la Helsinki kuhusu maadili ya utafiti wa kitabibu, katika toleo lake la 2013, linasema wazi kwamba matokeo hasi na yale yasiyotoa jibu lazima nayo yachapishwe au yawekwe hadharani. Wale watu 240 walikubali kushiriki kwa kuamini hivyo.

Neema_T

Shikamoo Daktari, na asanteni nyote. Kabla sijaandika upya, kuna jambo sikulisema mwanzoni kwa sababu nililiona dogo. Kati ya watu 120 wa kundi la ujumbe, 31 hawakupokea chochote, kwa kuwa namba zao zilikuwa hazifanyi kazi tena. Katika wale 89 waliopokea, walirudi 62, yaani karibu asilimia 70. Katika wale 31 walirudi 16. Mwenzangu anasema tuwaondoe hao 31, kwa sababu hawakupata huduma tunayoichunguza, na tukilinganisha 70 na 60 tofauti inakuwa pointi 10. Mnaonaje?

Jabali

Hapo mwenzako ana hoja. Huwezi kupima dawa kwa mtu ambaye hakuimeza.

Mwalimu_Takwimu

Neema, hilo si dogo hata kidogo. Huenda ndilo jambo la thamani kuliko yote katika utafiti wenu. Lakini usiwaondoe.

Jiulizeni ni watu wa aina gani ambao namba zao zimekufa. Huenda wamehama, wamepoteza simu, au maisha yao yana misukosuko, na watu kama hao hurudi kliniki kwa nadra hata bila habari ya ujumbe. Namba zenu zinaonyesha hivyo: 16 kati ya 31 ni karibu nusu tu. Sasa, kwa kuwa mligawa kwa bahati nasibu, katika kundi la kawaida nako kuna watu takribani 31 wa namna hiyo, ila hamuwajui kwa sababu hamkuwatumia kitu. Mkiwaondoa upande mmoja na kuwaacha upande wa pili, mnalinganisha watu waliochujwa na watu wasiochujwa.

Fanyeni hesabu ya haki. Tuseme wale 31 waliojificha katika kundi la kawaida nao walirudi 16. Kundi la kawaida walirudi 72, kwa hiyo waliobaki 89 walirudi 56. Upande wa ujumbe, 89 walirudi 62. Tofauti ni watu 6 kati ya 89, yaani karibu pointi 7, wala si 10. Pointi 3 zilizobaki zingekuwa zimetengenezwa na uchujaji. Na masafa ya hiyo pointi 7 ni mapana kuliko yale ya kwanza, kwa hiyo bado hamjathibitisha kitu.

Andikeni ulinganisho wa watu wote 240 kama jibu kuu, kwa sababu ndio mliousajili. Kisha andikeni habari za wale 31 waziwazi, na hesabu hii ya pili mkieleza kwamba ilifanywa baada ya kuona data. Msomaji ataelewa kwamba utafiti wenu umepima mpango wa kutuma ujumbe kwa namba zilizoko kwenye daftari, ambao ni kitu tofauti na ujumbe uliosomwa. Robo ya namba kuwa zimekufa ni taarifa ambayo mtu anayepanga huduma kama hiyo anaihitaji.

Kalamu_Nyekundu

Naunga mkono, na naongeza la kihariri. Msihesabu nguvu ya utafiti kwa kutumia tofauti mliyoipata, hata mhakiki akiomba, maana mara nyingi huomba. Hesabu hiyo inatokana moja kwa moja na thamani ya p, kwa hiyo kila utafiti wenye p kubwa utaonekana ulikuwa na nguvu ndogo, na msomaji hataongezewa kitu. Mwonyesheni masafa, na mtaje kwa uaminifu hesabu mliyoifanya mwanzoni na mlikotoa zile pointi 18.

Salma_R

Naomba kuuliza kwa niaba yangu. Andiko langu limekwisha kuchapishwa. Je, niandikie jarida kuomba marekebisho, ilhali msimamizi wangu ni mwandishi mwenza na bado namtegemea kwa barua za utambulisho?

Kalamu_Nyekundu

Salma, kwa upande wa jarida, marekebisho yanayosema kwamba mgawanyo wa wanawake walio chini ya miaka 30 haukupangwa kabla, na kwamba migawanyo mingine ilijaribiwa, yangepokelewa vizuri na wala si kufutiwa andiko. Kwa upande wa msimamizi, ningeanza kwa kumwonyesha rasimu ya marekebisho akiwa peke yake.

Daktari_Mstaafu

Mimi ningemshauri asubiri mpaka amepata nafasi yake. Kijana hapaswi kubeba peke yake kosa ambalo mkubwa wake alimwelekeza alifanye.

Mwalimu_Takwimu

Daktari, kwa heshima, sikubaliani. Wakati anasubiri, kuna timu nyingine inapanga sampuli yake kwa kutumia namba za Salma. Lakini nakiri kwamba gharama ya kusema italipwa na yeye, si na mimi, kwa hiyo sitamlazimisha.

Neema_T

Nimekaa na wenzangu jana jioni na tumeandika upya hitimisho. Naliweka hapa mlichambue:

"Katika watu 240 waliogawanywa kwa bahati nasibu, mahudhurio yalikuwa asilimia 65 kwa waliopangiwa kutumiwa ujumbe na asilimia 60 kwa utaratibu wa kawaida, tofauti ya pointi 5, masafa ya asilimia 95 yakiwa kutoka −7 hadi 17. Utafiti huu hauwezi kuthibitisha wala kuondoa nyongeza yenye maana kwa kliniki. Sampuli ilipangwa kwa kutarajia tofauti ya pointi 18 iliyotokana na utafiti mdogo uliochapishwa, na matokeo yetu hayaungi mkono tofauti kubwa kiasi hicho. Watu 31 kati ya 120 hawakufikiwa kwa sababu namba zao za simu zilikuwa hazitumiki."

Mwenzetu wa kabati amekubali tuliweke kwanza kwenye hazina ya maandiko ya awali pamoja na data iliyoondolewa majina, pia tujaze matokeo kwenye ukurasa wa usajili, kisha ndipo tutafute jarida la tatu. Kichwa cha habari bado tunabishania. Yeye anataka neno "jaribio dogo" liwemo, mimi naona litamfukuza mhariri kabla hajafungua.

Mwalimu_Takwimu

Hitimisho ni zuri. Sentensi ya tatu iguseni kidogo: mpaka wa juu wa masafa ni 17.2, kwa hiyo pointi 18 ziko nje kwa kiasi kidogo sana. Andikeni "hayaungi mkono kwa nguvu", au mtoe namba na mwacheni msomaji aone ukaribu wake.

Kalamu_Nyekundu

Kuhusu kichwa cha habari, mimi niko na mwenzako. Weka idadi ya watu na neno "bahati nasibu", na usiweke kitenzi chochote kinachosema ujumbe ulifanya au haukufanya kitu. Mhariri atakayekimbia kwa sababu ya kichwa hicho angekimbia pia kwenye ukurasa wa tatu, ila ungekuwa umesubiri jibu lake kwa miezi minne.

Jabali

Swali moja la mwisho kwa Mwalimu. Lile andiko la pointi 18 ambalo Neema alilitegemea, kuna mtu amewahi kuwauliza waandishi wake kama walifanya jaribio jingine ambalo hawakulichapisha?

Neema_T

Hatukuwahi kuwauliza. Nimewaandikia barua pepe asubuhi hii, na wakijibu nitaweka hapa.